Bei imepanda, mbona bado inauzwa? Maswali kuhusu unyumbufu wa mahitaji kwa mfano wa petroli

Maswali yaliyo hapa chini yote yanazunguka jambo moja: kwa nini bidhaa fulani ikipanda bei wanunuzi hukimbia, na nyingine ikipanda bei wanunuzi hulalamika lakini wanaendelea kununua. Mfano tutakaokaa nao ni petroli, kwa sababu karibu sura zote za jambo hili zinaonekana ndani yake.

Unyumbufu wa mahitaji ni nini hasa?

Ni kipimo cha jinsi kiasi kinachonunuliwa kinavyoitikia bei. Tunauliza hivi: bei ikipanda kwa asilimia 1, kiasi kinachonunuliwa kitashuka kwa asilimia ngapi? Kikishuka kwa asilimia 2, unyumbufu ni −2. Kikishuka kwa asilimia 0.2 tu, unyumbufu ni −0.2. Alama ya kutoa ipo kwa sababu bei na kiasi huenda pande mbili tofauti, na watu wengi huiacha wanapozungumza.

Mpaka wa kukumbuka ni 1. Zaidi ya 1, mahitaji yananyumbuka: wanunuzi wanapungua kwa kasi kuliko bei inavyopanda. Chini ya 1, hayanyumbuki sana: bei inapanda haraka, wanunuzi wanapungua polepole. Mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall ndiye aliyelipa wazo hili umbo tunalolitumia hadi leo, mwaka 1890. Alichagua asilimia kwa makusudi, kwani ukitumia asilimia huna haja ya kujua kama petroli inapimwa kwa lita au kwa galoni, wala inalipwa kwa fedha gani.

Neno “mahitaji” hapa lina maana ya shida au uhitaji?

Hapana, na Kiswahili hututega hapa. Katika mazungumzo ya kawaida, mahitaji ni vitu ambavyo mtu hawezi kukaa bila. Katika uchumi, mahitaji ni kiasi ambacho watu wako tayari na wana uwezo wa kukinunua kwa bei fulani. Mgonjwa anayehitaji dawa lakini hana fedha ana uhitaji mkubwa, ila katika hesabu za soko mahitaji yake ni sifuri. Tofauti hii ishike vizuri, kwa maana tutairudia.

Hesabu yake inafanywaje?

Tuchukue mji wa kufikirika. Petroli inauzwa kwa bei ya 100 kwa lita, na mji mzima unanunua lita 1,000 kwa siku. Bei inapanda hadi 125, na baada ya miezi michache mauzo yanatulia kwenye lita 950.

Njia ya haraka ni kusema bei imepanda kwa asilimia 25 na kiasi kimeshuka kwa asilimia 5, kwa hiyo unyumbufu ni −0.2. Lakini jaribu kurudi nyuma: bei ikishuka kutoka 125 hadi 100, hiyo ni asilimia 20, na kiasi kikipanda kutoka 950 hadi 1,000, hiyo ni karibu asilimia 5.3. Sasa jibu ni −0.26. Njia ni ileile, soko ni lilelile, lakini kwenda ni namba moja na kurudi ni nyingine.

Dosari hiyo huondolewa kwa kugawanya kila badiliko kwa wastani wa mwanzo na mwisho:

```
E = (badiliko la kiasi ÷ wastani wa kiasi)
    ÷ (badiliko la bei ÷ wastani wa bei)

E = (−50 ÷ 975) ÷ (25 ÷ 112.5) = −0.23
```

Kwa badiliko dogo la bei, tofauti kati ya njia hizi haina uzito. Kwa badiliko kubwa ina uzito, na ukikuta watu wawili wanabishana juu ya namba zinazotoka kwenye takwimu zilezile, angalia kwanza kama wanagawanya kwa kitu kimoja.

Inakuwaje muuzaji auze kidogo halafu apate zaidi?

Katika mji wetu, mapato kabla ya bei kupanda yalikuwa 100 mara 1,000, yaani 100,000 kwa siku. Baada ya bei kupanda ni 125 mara 950, yaani 118,750. Lita 50 zimepotea, lakini kila lita kati ya zile 950 zilizobaki imeleta 25 zaidi. Ndivyo ilivyo kila unyumbufu unapokuwa chini ya 1. Ukizidi 1 mambo yanageuka, na anayepandisha bei anapunguza mapato yake mwenyewe.

Kwa nini hasa watu wanaendelea kununua petroli iliyopanda bei?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba petroli ni bidhaa ya lazima. Mimi silipendi jibu hili, kwa sababu linafunga mjadala kabla haujaanza. Hakuna anayeihitaji petroli yenyewe. Kinachohitajika ni safari: kufika kazini, kumpeleka mtoto shule, kufikisha mzigo sokoni. Petroli inanunuliwa ili ichomwe ndani ya chombo ambacho tayari kimeshanunuliwa, kwenye njia kati ya sehemu mbili ambazo tayari zimeshachaguliwa.

Ndiyo maana siku bei inapopanda, mtu ana nafasi ndogo sana ya kujitetea. Gari lake linakunywa kiasi kilekile kwa kilomita. Nyumba haijasogea, kazi haijasogea. Anachoweza kufanya wiki ile ni kuacha safari za pembeni, kuunganisha safari mbili kuwa moja, kuendesha taratibu, au kupanda gari na jirani. Ukijumlisha hayo kwa mji mzima unapata zile lita 50. Lita 950 zilizobaki zimefungwa na maamuzi ya miaka iliyopita.

Kwa hiyo unapotaka kukisia kama bidhaa itaendelea kuuzwa ikipanda bei, usiulize tu kama watu wanaihitaji. Uliza mlango wa kutokea uko wapi na kuufikia kunagharimu nini. Kama kuna mbadala kwenye rafu ya pembeni, mlango uko wazi na unyumbufu utakuwa mkubwa. Kama mbadala unamlazimu mtu anunue gari jingine au ahame nyumba, mlango upo lakini uko mbali.

Sababu nyingine mbili zinaongeza nguvu. Moja ni sehemu ya bajeti: kitu kinachochukua fungu dogo sana la matumizi kinaweza kupanda bei maradufu bila mtu kubadili tabia, kama ilivyo kwa chumvi. Ya pili husahaulika sana, nayo ni kwamba anayetumia si lazima awe ndiye anayelipa. Dereva anayejaziwa tangi na mwajiri hana sababu ya kuitazama bei.

Je, hali inabaki hivyo miaka yote?

Haibaki, na hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Rudi kwenye mji wetu baada ya miaka mingi, bei ikiwa bado 125. Magari mengi ya zamani yamechakaa na kubadilishwa, na waliobadilisha walitazama ulaji wa mafuta kabla ya kununua. Baadhi ya watu wamehamia karibu na kazi. Njia za mabasi zimeongezeka kwa sababu abiria wameongezeka. Tuseme mauzo sasa ni lita 840. Kwa njia ile ya wastani, unyumbufu umekuwa −0.78, zaidi ya mara tatu ya ule wa mwanzo. Namba za mji huu nimezitunga, lakini umbo lake linafanana na yale ambayo tafiti nyingi za petroli zimekuwa zikiyaona kwa miongo: unyumbufu mdogo ndani ya mwaka wa kwanza, na mkubwa zaidi magari na makazi yakishapata muda wa kubadilika.

Historia inatupa mfano wa kweli. Mwanzoni mwa Oktoba 1973 bei rasmi ya mafuta ghafi mepesi ya Saudia ilikuwa takriban dola 3 kwa pipa. Kufikia Januari 1974 ilikuwa dola 11.65. Bei ilikaribia kuzidi mara nne, na matumizi ya mafuta duniani yalipungua kwa asilimia chache tu katika miaka miwili iliyofuata. Aliyetazama takwimu za wakati huo angeweza kuapa kwamba dunia haiwezi kupunguza mafuta.

Lakini chini kwa chini mambo yalikuwa yakisogea. Mwaka 1974 Ufaransa ilianza mpango mkubwa wa kujenga vinu vya nyuklia ili iache kuzalisha umeme kwa mafuta. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria iliyowataka watengenezaji wafikishe wastani wa maili 27.5 kwa galoni kwa magari mapya ya abiria ifikapo 1985, yaani karibu kilomita 11.7 kwa lita. Kisha bei ikapanda tena kwa nguvu mwaka 1979 na 1980, ikapita dola 30. Safari hii matumizi ya dunia yalishuka kwa takriban asilimia 10 kati ya 1979 na 1983.

Si yote yaliyosababishwa na bei peke yake. Mdororo wa uchumi wa miaka ile ulichangia, na sheria ya magari nayo ilikuwa amri ya serikali. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mshuko ule ilikuwa jibu la bei ya 1973 lililochelewa kufika.

Kama petroli hainyumbuki, kwa nini kituo kimoja hakiwezi kupandisha bei kinavyotaka?

Kwa sababu mlango wa kutokea kwenye kituo kimoja ni kituo cha ng’ambo ya barabara. Unyumbufu daima ni wa kitu fulani kilichotajwa kwa upana fulani. Petroli yote ya mji ina mbadala wachache. Petroli ya kituo kimoja ina mbadala ulio sawasawa nayo, mita mia mbili mbele. Kituo hicho kikipandisha bei kwa asilimia 5 peke yake kinaweza kupoteza asilimia 30 ya wateja, na hapo unyumbufu wake ni −6, ilhali mji mzima uko kwenye −0.23.

Wafanyabiashara wengi huumia hapa. Mtu anasoma kwamba bidhaa anayouza ni ya lazima, anapandisha bei, kisha anashangaa wateja wamehamia kwa jirani. Kilichokuwa cha lazima ni aina ya bidhaa. Duka lake halikuwa la lazima. Wauzaji wote wakipandishiwa gharama siku moja, kwa mfano kupitia kodi, wanaweza kupandisha bei pamoja na wasipoteze wengi. Mmoja akitangulia peke yake anabaki peke yake.

Bei imepanda na mauzo yamepanda. Hii ina maana unyumbufu ni chanya?

Karibu kila mara, hapana. Mara nyingi kuna kitu kingine kilichosogea. Watu wameongezeka, kipato kimepanda, likizo zimeanza na kila mtu anasafiri. Wanunuzi wengi wanapokuja kwa wakati mmoja wanasukuma bei juu na mauzo juu kwa pamoja, na ukiziweka namba hizo kwenye kanuni yetu utapata jibu lisilo na maana. Kanuni inadai vitu vingine vyote vibaki vilivyo, na soko halikai kimya likusubiri.

Philip Wright, mwanauchumi Mmarekani, aliliona tatizo hili mapema na mwaka 1928 alionyesha njia ya kulitatua. Alikuwa akichunguza soko la mbegu za kitani. Aliona kwamba ukitaka kujua jinsi wanunuzi wanavyoitikia bei, utafute badiliko la bei ambalo halikutoka kwa wanunuzi wenyewe. Mavuno kwa ekari yalimfaa: mwaka wa mavuno mabaya bei hupanda, na sababu iko shambani, haipo kwa mnunuzi. Kwa petroli, badiliko la kodi au kufungwa kwa kiwanda cha kusafishia hufanya kazi hiyohiyo. Ukipewa namba ya unyumbufu, uliza bei ilisogezwa na nini. Kama mtoa namba hawezi kujibu, namba hiyo ina mashaka.

Kuna mitego mingine miwili midogo. Wa kwanza ni mfumuko wa bei: kama petroli imepanda kwa asilimia 10 na mishahara pamoja na bei za vitu vingine navyo vimepanda kwa asilimia 10, kwa mnunuzi hakuna kilichobadilika, na mauzo kubaki palepale hakuonyeshi ugumu wowote wa mahitaji. Wa pili ni kujaza matangi kabla ya tarehe iliyotangazwa. Mauzo huruka wiki moja kabla ya bei kupanda na kuporomoka wiki inayofuata. Ukilinganisha wiki hizo mbili utapata unyumbufu mkubwa ajabu, na watu hawajapunguza hata safari moja.

Lakini si kuna bidhaa ambazo kweli hununuliwa zaidi zikipanda bei?

Zipo, ila ni adimu kuliko zinavyosimuliwa. Robert Jensen na Nolan Miller walichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio walilofanya China. Familia maskini sana mkoani Hunan zilipopunguziwa bei ya mchele zilipunguza kula mchele, kwa kuwa nafuu ile iliwawezesha kununua vyakula vingine. Bei iliporudi juu, mchele ulirudi kujaza sahani. Ili hilo litokee, chakula kimoja kinapaswa kubeba sehemu kubwa sana ya bajeti, na kusiwe na kingine cha bei nafuu cha kushibisha. Petroli haimo katika kundi hilo.

Mauzo yasiposhuka sana, si ina maana watu wanamudu?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe mara nyingi zaidi. Chukua familia moja iliyokuwa ikinunua lita 40 kwa mwezi kwa bei ya 100. Ilikuwa inalipa 4,000. Bei ikiwa 125, inajibana hadi lita 38, na sasa inalipa 4,750. Kwenye takwimu za petroli hakuna kilichotokea zaidi ya lita mbili kupungua. Lakini ile 750 ya ziada imetoka mahali: kwenye chakula, kwenye akiba, kwenye ada. Maumivu yapo, ila yameandikwa kwenye daftari la bidhaa nyingine.

Kwa dawa hali ni kali zaidi. Mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini, kwa hiyo bei ikipanda mauzo hubadilika kidogo mno. Unyumbufu unakaribia sifuri. Lakini wapo wanaopunguza dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi, na hao kwenye mauzo ni asilimia ndogo isiyoonekana. Unyumbufu mdogo unatuambia kwamba mlango wa kutokea haupo. Hautuambii kwamba aliyemo ndani yuko salama.

Kwa nini serikali hupenda kutoza kodi bidhaa za aina hii?

Kwa sababu mnunuzi hatoroki, na mapato ya kodi yanatabirika. Yule asiyeweza kukwepa ndiye anayebeba. Muuzaji akiweza kupunguza ugavi kwa urahisi kuliko mnunuzi anavyoweza kupunguza matumizi, sehemu kubwa ya kodi itaishia kwenye bei ya mnunuzi, hata kama sheria inasema kodi inalipwa na muuzaji.

Sigara zinaonyesha upande wa pili. Katika nchi tajiri makadirio ya kawaida ya unyumbufu wake ni karibu −0.4: bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 4. Hazinyumbuki sana, lakini asilimia 4 ya sigara zote zinazovutwa nchi nzima ni nyingi, na vijana huitikia zaidi kwa sababu uraibu haujakomaa na fedha zao ni chache. Kodi moja inaingiza fedha na kupunguza uvutaji kwa wakati mmoja, kwa kuwa unyumbufu uko chini ya 1 lakini si sifuri.

Bei ikishuka tena, mahitaji hurudi yalipokuwa?

Si yote. Mwaka 1986 bei ya mafuta ghafi iliporomoka hadi chini ya dola 15 kwa pipa. Matumizi yaliongezeka, lakini hayakuruka kurudi kwa mwendo ambao unyumbufu wa wakati wa kupanda ungeyataka. Injini inayokunywa kidogo haianzi kunywa zaidi kwa sababu mafuta yamekuwa rahisi, na kinu cha nyuklia kilichokwisha kujengwa hakizimwi ili kuwasha mtambo wa mafuta. Katika mji wetu wa kufikirika, bei ikirudi 100 baada ya zile lita 840, usitarajie 1,000 mwaka unaofuata. Watu watarudisha kwanza safari za pembeni, zilezile walizoziacha wiki ya kwanza.